Kuhamisha Seva ya Mchezo Wachezaji Wakiwa Wamelala

Seva ya Minecraft inaweza kuhamishwa kwa dakika tano, lakini baadhi ya wachezaji wakabaki nje hadi kesho yake. Mafaili yamefika salama, kompyuta mpya inanguruma, na mwenye seva ameingia kwenye mchezo na kuona majumba yote yamesimama pale yalipokuwa. Anatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kazi imekwisha. Ndipo majibu yanapoanza kumiminika. Mmoja ameingia bila shida, mwingine anaambiwa seva haipo, na wa tatu ndiye wa kutisha zaidi: ameingia vizuri kabisa, ila kwenye seva ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Anajenga. Anachimba almasi. Kila anachokifanya kitapotea siku ile kompyuta hiyo itakapofutwa.

Mara nyingi tatizo hili halitokani na mafaili wala na kasi ya mtandao. Linatokana na namba moja ndogo iliyoandikwa kando ya jina la seva, ambayo ilipaswa kubadilishwa siku moja au mbili kabla ya safari.

Mchezaji huandika jina, tuseme mchezo.example.com. Kompyuta yake haiwezi kwenda popote kwa jina hilo. Inahitaji anwani ya namba, kama 192.0.2.10. (Jina hili na anwani zote za makala haya zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hakuna seva ya mtu itakayosumbuliwa.) Kazi ya kugeuza jina kuwa namba hufanywa na mfumo wa DNS, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake, orodha ya majina yote ya kompyuta za mtandao ilikaa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi moja ya utafiti huko Kalifonia, na kila aliyelihitaji alilinakili.

Mockapetris aliitawanya orodha hiyo. Sasa kila mwenye jina ana seva yake ya majina, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu jina hilo. Mchezaji, hata hivyo, haendi kuiuliza seva hiyo moja kwa moja. Anauliza seva ya kati, aghalabu ile ya kampuni inayomuuzia bando, au ya umma kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Seva ya kati humtafutia jibu, humpa, kisha hubaki na nakala kwenye akiba yake ili atakayefuata asisubiri. Nakala hiyo hukaa kwa muda gani? Kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi yenyewe, kwa sekunde, mahali ambapo paneli za kusimamia majina huandika `TTL`. Rekodi yenye 86400 inaruhusu nakala ikae saa 24. Yenye 3600 inaruhusu saa moja, na yenye 300 dakika tano.

Mchezo mzima unageukia hapo. Mwenye seva akibadili anwani saa hii, seva za kati zilizokwisha kuchukua nakala hazipelekewi taarifa yoyote. Hakuna kengele inayolia. Zitaendelea kutoa namba ya zamani mpaka muda wao uishe, ndipo zirudi kuuliza upya.

Dawa yake si siri ya mafundi wa leo. Imeandikwa katika RFC 1034, waraka wa msingi wa DNS aliouandika Mockapetris huyohuyo na kuchapishwa Novemba 1987: ikiwa badiliko linajulikana mapema, punguza muda wa rekodi kabla ya kubadilisha, kisha urudishe muda wa awali baada ya kazi. Wengi huusikia ushauri huu na kuutekeleza nusu. Wanaingia kwenye paneli usiku wa kuhama, wanashusha 86400 kuwa 300 na kubadilisha anwani papo hapo, halafu wanashangaa kwa nini dakika tano zimepita na nusu ya watu bado wamepotea.

Maziwa ya pakiti yanasaidia kulielewa hili. Kiwanda kikiamua leo kufupisha muda wa maziwa yake, mhuri mpya utapigwa kwenye pakiti zitakazotoka leo. Zile zilizokwisha kufika dukani zina tarehe yake ya zamani, na muuzaji ataendelea kuziuza kwa tarehe hiyo. Nakala iliyochukuliwa jana ikiwa na saa 24 itaishi saa zake 24, hata kama asili imeshafupishwa. Kwa hiyo muda mpya haufanyi kazi mpaka muda wa zamani wote upite kwanza. Aliyekuwa na saa 24 asubiri angalau saa 24 kati ya kufupisha na kuhama.

Tuifuate safari moja hatua kwa hatua. Seva iko Ujerumani na inahamia Johannesburg, kwa kuwa wachezaji wengi wako Tanzania na Kenya na mwenyewe anataka kupunguza pingi. Anwani ya zamani ni 192.0.2.10, mpya ni 203.0.113.20. Rekodi ina 86400. Wachezaji wengi ni wanafunzi, na usiku wa katikati ya wiki ndiyo saa ya utulivu, hivyo kuhama kumepangwa Jumatano saa kumi alfajiri.

Jumatatu saa tatu asubuhi mwenye seva anafanya jambo moja tu: anashusha muda kutoka 86400 hadi 300. Anwani haiguswi. Kwa mchezaji hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo uzuri wa hatua hii ulipo, kwani hata akikosea hakuna anayeanguka. Saa nne asubuhi anaiuliza seva ya kati anayoitumia kwa amri ya `dig`, aone inajibu nini:

```
$ dig mchezo.example.com A +noall +answer
mchezo.example.com.  82140  IN  A  192.0.2.10
```

Namba 82140 ni sekunde zilizobaki kwenye nakala. Ilianza na 86400, kwa hiyo sekunde 4260 zimekwisha kupita, ambazo ni dakika 71. Maana yake nakala hii ilichukuliwa saa mbili na dakika 49, kabla ya badiliko, na itakaa hadi kesho saa mbili na dakika 49 asubuhi. Mtu asiyejua kuisoma namba hii angedhani badiliko lake halikuhifadhiwa. Limehifadhiwa, ila seva hii haina sababu ya kurudi kuuliza mpaka kesho. Akitaka kuhakikisha, aulize seva yenye jina moja kwa moja, kwa kuitaja baada ya alama ya @:

```
$ dig @ns1.example.com mchezo.example.com A +noall +answer
mchezo.example.com.  300  IN  A  192.0.2.10
```

Jibu la seva yenye jina halihesabu kwenda chini. Kila akiuliza atapewa 300 kamili, na kwa tofauti hiyo anatambua kama anazungumza na mwenye mali au na aliyehifadhi nakala.

Jumanne saa tatu asubuhi, nakala ya mwisho yenye muda mrefu inakufa. Kuanzia hapo, seva yoyote ya kati inayofuata utaratibu haitakuwa na nakala yenye umri unaozidi dakika tano. Mwenye seva akiuliza tena mchana ataona 214, au 87, au namba nyingine yoyote isiyozidi 300. Akiona elfu kadhaa, asihame bado; kuna mahali pamesahaulika.

Siku hiyohiyo kazi ya mafaili inaanza. Dunia ya mchezo huu ina gigabaiti 14, na njia kati ya kompyuta mbili inapitisha megabaiti 12 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kama dakika 20 za kunakili, na hakuna haja ya kuwafungia watu mlango kwa muda wote huo. Fundi hunakili mara mbili. Mara ya kwanza ni mchana, watu wakiendelea kucheza:

```
rsync -a --delete world/ seva@203.0.113.20:mchezo/world/
```

Nakala hii haifai kuchezewa. Minecraft huigawa dunia katika mafaili ya maeneo yenye mwisho wa `.mca`, kila moja likibeba eneo la matofali 512 kwa 512, na faili lililonakiliwa wakati mchezo unaliandika linaweza kufika likiwa nusu la zamani na nusu jipya. Si kitu. Kazi ya nakala hii ni kubeba mzigo mkubwa mapema, ili usiku zibaki tofauti ndogo tu. Tuseme baina ya mchana na alfajiri wachezaji wamegusa maeneo machache. `rsync` italinganisha ukubwa na saa ya kila faili, itayaruka yale yasiyobadilika, na kumaliza kwa dakika mbili au tatu.

Kati ya nakala hizo mbili, seva mpya huwashwa kwa majaribio na mwenyewe huingia kwa kuandika namba 203.0.113.20 badala ya jina. Hapo ndipo hugunduliwa kwamba ngome ya mtandao imefunga poti 25565, au kwamba toleo la Java ni la zamani. Minecraft kuanzia 1.20.5 haiwaki bila Java 21 au mpya zaidi. Ni afadhali mambo haya yajulikane Jumanne mchana kuliko Jumatano alfajiri. Baada ya jaribio seva hiyo huzimwa. Neno `--delete` kwenye amri ya juu ndilo litakalofagia maeneo yaliyozaliwa wakati wa kujaribu, ili yasibaki yamechanganyika na dunia halisi.

Jumatano saa kumi alfajiri seva ya zamani inasimamishwa kwa `stop`, amri ambayo huhifadhi kila kitu kabla ya kuzima. Papo hapo, kabla hata ya kunakili, mwenye seva anabadilisha rekodi kwenye paneli: 192.0.2.10 inakuwa 203.0.113.20. Mpangilio huu unashangaza kidogo, kwa kuwa seva mpya bado haijawaka. Lakini dakika tano za nakala za majina zimeshaanza kuyoyoma, na ni vyema ziyoyome wakati mafaili yanaposafiri kuliko baada yake. Saa kumi na dakika moja nakala ya pili inaanza. Saa kumi na dakika nne imekwisha. Dakika moja baadaye konsoli ya seva mpya inaandika `Done`, na saa kumi na dakika sita nakala za mwisho zenye anwani ya zamani zinakuwa zimefutika. Mlango umefungwa kwa dakika sita.

Bila maandalizi ya Jumatatu, mchezaji ambaye seva yake ya kati ilichukua nakala saa tisa na dakika 59 angeendelea kupelekwa Ujerumani hadi Alhamisi alfajiri.

Sharti moja halina mjadala: seva ya zamani ikishazimwa usiku ule, mchezo usiwashwe tena pale. Kuna wanaoiacha ikiendelea kwa nia njema, ili waliochelewa wasikose pa kucheza. Matokeo yake ni dunia mbili zinazoachana kila dakika, na hakuna chombo cha kuaminika cha kuziunganisha. Aliyejenga upande huu na aliyebomoa upande ule wote wana haki, na mwenye seva itabidi achague wa kumkasirisha. Mchezaji anayeambiwa seva imefungwa atanuna kwa muda. Aliyepoteza kazi ya usiku kucha huenda asirudi tena.

Ikiwa ni lazima waliochelewa wahudumiwe, ipo njia salama zaidi: kompyuta ya zamani igeuzwe kuwa mpitishaji tu, ipokee wageni na kuwasukuma kwenda kwenye mpya. Programu ya `socat` hufanya hivyo kwa mstari mmoja:

```
socat -d -d TCP-LISTEN:25565,fork,reuseaddr TCP:203.0.113.20:25565
```

Dunia inabaki moja. Kasoro yake ni kwamba seva mpya itawaona wote waliopitia huko kana kwamba wanatoka 192.0.2.10. Msimamizi akimfungia mkorofi mmoja kwa anwani yake, amewafungia wote waliopitia mlango huo.

Mpaka hapa mfano umekuwa mwepesi makusudi, kwa sababu jina lilikuwa na rekodi moja. Seva nyingi za Minecraft zina zaidi. Kuanzia toleo la 1.3.1 la mwaka 2012, mchezo huu wa kompyuta unajua kusoma rekodi ya aina ya SRV, inayosema huduma fulani iko kwenye jina gani na poti ipi:

```
_minecraft._tcp.mchezo.example.com. 86400 IN SRV 0 5 25571 nodi1.example.com.
```

Rekodi hii ni baraka kwa wanaopanga seva kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, ambako poti 25565 huwa imeshachukuliwa. Mchezaji anaandika jina tupu, na mchezo unajua wenyewe kwamba aende 25571. Lakini rekodi hii ina muda wake, na jina la nodi1 inalolielekeza lina rekodi nyingine yenye muda wake. Aliyefupisha moja na kuisahau nyingine bado yuko kwenye saa 24. Kampuni mpya ikimpa poti tofauti, basi SRV ndiyo hasa inayobadilika, na kufupisha rekodi ya anwani peke yake hakumsaidii. Vivyo hivyo kwa rekodi ya AAAA, inayobeba anwani za IPv6: ikisahaulika, wachezaji ambao mitandao yao ina IPv6 wataendelea kugonga mlango wa zamani huku wenzao wakiingia bila tabu, na mwenye seva atakesha akitafuta mchawi.

Paneli nazo zina mtego wake. Baadhi ya watu hufuta rekodi ya zamani kwanza, kisha huandika mpya, badala ya kuhariri ile iliyopo. Katika zile sekunde chache za katikati, jina halina anwani. Seva ya kati itakayouliza wakati huo itaambiwa hakuna jibu, na jibu hilo nalo huwekwa akibani, kwa muda unaotoka kwenye rekodi ya SOA ya kikoa na si kwenye zile 300 zilizoandaliwa kwa uangalifu. Ukiwa saa moja, kuna watu watakaambiwa kwa saa moja kwamba seva haipo duniani.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kuhamisha seva ya mchezo na kampuni ya majina kwa wakati mmoja. Taarifa ya kwamba jina la .com linasimamiwa na seva zipi hutolewa na wasimamizi wa .com wenyewe ikiwa na muda wa sekunde 172800, yaani siku mbili, na mwenye seva hana uwezo wa kuufupisha. Zihamishwe tofauti, kwa wiki tofauti.

Hata baada ya kufanya yote sawasawa, wachache watachelewa. Kuna seva za kati zinazopuuza muda mfupi na kujiwekea wa kwao, na kuna ruta za nyumbani zinazong'ang'ania majibu ya zamani. Wapo pia waliohifadhi namba badala ya jina, na hao DNS haiwahusu. Dawa yao ni tangazo. Mchezaji akilalamika, swali la kwanza aulizwe afungue dirisha la amri na kuandika `ping mchezo.example.com`. Akiona 192.0.2.10, tatizo ni akiba: kwenye Windows aandike `ipconfig /flushdns`, na ikishindikana awashe upya ruta au abadilishe seva ya kati kwa muda. Akiona 203.0.113.20 na bado haingii, majina yameshamaliza kazi yake; itafutwe ngome, poti au toleo la mchezo.

Kwa nini basi rekodi isiachwe kwenye dakika tano milele, ili mtu awe tayari kuhama siku yoyote? Kwa sababu akiba ni kinga pia. Tarehe 21 Oktoba 2016, kampuni ya majina ya Dyn ya Marekani ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi kutoka kwa kamera na ruta zilizotekwa na programu iitwayo Mirai. Twitter, Netflix na Spotify zilipotea kwa watu wengi, ingawa kompyuta zake zilikuwa zikifanya kazi. Hakukuwa na wa kujibu ziko wapi. Jina lenye nakala za muda mrefu huvumilia pigo kama hilo kwa saa kadhaa, lakini lenye dakika tano linatoweka baada ya dakika tano. Na Mirai yenyewe, kwa kejeli ya historia, ilibuniwa na vijana wa Kimarekani waliokuwa na biashara iliyozunguka seva za Minecraft, ikiwa ni pamoja na kuziangusha za washindani.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya siku mbili bila malalamiko, mwenye seva anarudisha muda hadi 3600 au 86400. Kompyuta ya Ujerumani anaiacha ikiwa imelipiwa wiki moja zaidi, mchezo ukiwa umezimwa, na anachungulia kumbukumbu za `socat` kuona kama bado kuna anayepitia huko. Wakibaki wawili watatu, karibu kila mara ni wale walioandika namba kwa mkono, na hao anawatumia ujumbe mmoja mmoja kabla ya kuvunja mkataba.